Mshale Ndio Unaoamua: x Ianze au y?

Swali hili huwakwamisha wanafunzi wengi wa chuo:

∫₀¹ ∫ₓ¹ e^(y²) dy dx

Intigrali ya mara mbili hujumlisha thamani za fomula juu ya eneo zima, kipande kwa kipande. Hapa imeagizwa tuanze na y, na hapohapo njia inafungwa: intigrali ya e^(y²) haiandikiki kwa fomula za kawaida. Jambo hilo limethibitishwa, kwa hiyo kuongeza bidii hakusaidii.

Msaada umo kwenye mchoro. Mipaka ya ndani inasema y inaanzia mstari y = x na kuishia y = 1; ya nje inasema x inatoka 0 hadi 1. Ukichora, unapata pembetatu yenye pembe (0,0), (0,1) na (1,1). Ni ile iliyo juu ya mstari wa mshazari, na wengi huchora ya chini. Ukiwa na shaka, jaribu nukta moja: x = 0.2 na y = 0.7. Hapo y inazidi x, kama mipaka inavyotaka, basi nukta hiyo lazima iwe ndani.

Swali lilitupa mishale ya wima. Sasa chora wa mlalo, uelekee kulia. Unaingia penye x = 0 na kutokea penye x = y. Mishale ya namna hiyo inajaza pembetatu yote kuanzia y = 0 hadi y = 1:

∫₀¹ ∫₀ʸ e^(y²) dx dy

Ndani hakuna x, hivyo e^(y²) inazidishwa tu na urefu wa mshale, yaani y. Tunabaki na y·e^(y²), ambayo intigrali yake ni ½e^(y²). Jibu ni (e − 1)/2, takriban 0.859. Linaaminika: eneo ni nusu, na e^(y²) humo haishuki chini ya 1 wala kuzidi 2.718, kwa hiyo jibu lilipaswa kuwa kati ya 0.5 na 1.36.

Ruhusa ya kubadili mpangilio inatokana na nadharia ya Mwitalia Guido Fubini ya mwaka 1907, lakini haimaanishi kugeuza dy dx na kuiacha mipaka ilivyo. Anayefanya hivyo hujikuta na x ndani ya jibu lililopaswa kuwa namba tupu. Hiyo ndiyo dalili ya kosa.

Wakati mwingine mchoro hukataza kugeuza. Chukua eneo lililo kati ya parabola y = x² na mstari y = x + 2, vinavyokutana penye x = −1 na x = 2. Kila mshale wa wima huingia kwenye parabola na kutokea kwenye mstari, hivyo intigrali moja inatosha, na eneo ni 4.5. Mshale wa mlalo hutokea kwenye parabola daima, ila mahali unapoingia panabadilika: chini ya y = 1 unaingia kwenye parabola hiyohiyo, upande wake wa kushoto; juu ya hapo, kwenye mstari. Anayeng'ang'ania mlalo atalazimika kuligawa eneo penye y = 1 na kufanya intigrali mbili ili apate 4.5 ileile.