Ukimkosesha mteja, mrekebishe mapema

Mhasibu wa Mombasa amemwandikia mteja wake, mwenye duka la vipuri, kwamba kodi ya mishahara ya wafanyakazi italipwa kufikia tarehe 20. Siku mbili baadaye anagundua kosa. Nchini Kenya kodi hiyo hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Tarehe 20 ni ya kodi ya ongezeko la thamani. Leo ni tarehe 6. Afanyeje?

Kwanza ahakikishe tarehe sahihi, kwa maana kusahihisha mara mbili huumiza kuliko kosa lenyewe. Kisha apige simu, kwani fedha zinapaswa kutoka ndani ya siku tatu na barua pepe huweza kukaa bila kusomwa. Baada ya simu aandike, ili masahihisho yabaki kwenye kumbukumbu:

“Jumanne nilikuandikia kwamba kodi ya mishahara inalipwa kufikia tarehe 20. Nilikosea. Mwisho ni tarehe 9. Tafadhali lipa kabla ya hapo. Kiasi nilichokupa hakibadiliki. Samahani kwa usumbufu.”

Maneno hayo yanataja kosa, ukweli, hatua ya kuchukua na kisichobadilika. Hilo la mwisho husahaulika, na mteja hubaki akishuku hesabu zote.

Asitume ratiba mpya kimyakimya akidhani haitagundulika. Mteja akikuta nakala mbili zenye tarehe tofauti, hatajua aamini ipi, na imani hupotelea hapo.