Ufikaji wa barua pepe za tovuti

Ufikaji wa barua pepe ni hali ya barua pepe kuingia kwenye kikasha cha mpokeaji badala ya kutupwa kwenye folda ya barua taka au kukataliwa kabisa na seva yake. Tatizo hili huzikumba hasa barua ambazo tovuti hutuma yenyewe, kama vile uthibitisho wa oda, risiti na viungo vya kubadilisha nywila.

Mfano wa kufikirika ni duka la Kahama, mkoani Shinyanga, linalowauzia wachimbaji wadogo wa Geita pampu za maji, buti na kofia ngumu. Mteja aliyeko Nyarugusu anaagiza pampu kupitia tovuti na kulipa kwa simu. Ujumbe wa simu unamwambia kwamba pesa imetoka, lakini barua yenye namba ya oda na siku ya kusafirishwa mzigo haionekani. Mteja anaanza kuhisi ametapeliwa. Mwenye duka naye akifungua tovuti yake anakuta imeandikwa kwamba barua imetumwa. Tovuti haidanganyi: maana ya neno hilo ni kwamba barua imekabidhiwa kwa seva, basi.

== Chanzo ==
Kama ilivyo barua ya karatasi, barua pepe ina anwani mbili za mtumaji. Moja iko juu ya bahasha na husomwa na seva tu. Nyingine iko ndani, na ndiyo anayoiona mteja. Duka la mfano huu limejaza anwani yake ya Gmail kama mtumaji, ingawa barua inatoka kwenye seva ya kampuni inayohifadhi tovuti. Seva hiyo huandika anwani yake yenyewe juu ya bahasha. Barua inapofika, Gmail huikagua na kuandika matokeo yanayofanana na haya:

```
spf=pass smtp.mailfrom=u1042@seva7.example
dmarc=fail header.from=gmail.com
```

Mstari wa kwanza huwapotosha wengi. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani, nayo imefaulu kwa sababu imepima anwani ya bahasha. DMARC huuliza swali jingine: je, kikoa kilichothibitishwa ndicho kile anachokiona msomaji? Hapa sicho, na kwa Gmail barua hiyo inafanana na ya tapeli anayejifanya mtu mwingine. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza masharti haya, hata kwa watumaji wadogo.

== Marekebisho ==
Kwanza duka linahitaji kutuma kwa kikoa chake lenyewe, kwa mfano `oda@duka.example`. Kisha tovuti iache kutuma moja kwa moja. Iingie kwa nywila kwenye huduma ya barua ya duka kwa njia ya SMTP, kwa kawaida kupitia mlango 587. Iwapo huduma hiyo ni ya Google, rekodi za kikoa huwa hivi:

```
duka.example.        TXT "v=spf1 include:_spf.google.com ~all"
_dmarc.duka.example. TXT "v=DMARC1; p=none"
```

Inabaki DKIM, ambayo ni sahihi ya kidijitali inayotiwa kwenye kila barua. Huduma ya barua hutoa ufunguo wake wa wazi, nao huwekwa pia kwenye rekodi za kikoa. DKIM ina faida ya kubaki halali hata barua ikipelekwa mbele kwenye anwani nyingine, jambo ambalo SPF hailiwezi. Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuongeza rekodi ya pili ya SPF pembeni ya ile ya zamani. Kikoa kinatakiwa kuwa na moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi wote wa SPF huharibika.

Ili kupima, mwenye duka hujitumia oda ya majaribio kwenye akaunti ya Gmail, kisha hufungua barua hiyo kwa kivinjari cha kompyuta na kuchagua "Show original". SPF, DKIM na DMARC zote zinapaswa kuonyesha `PASS`.

== Mipaka ==
Kufaulu ukaguzi huthibitisha mtumaji ni nani. Hakuthibitishi kwamba barua yake inatakiwa. Kikoa kipya bado hakijajenga sifa, na wapokeaji wakibonyeza kitufe cha barua taka sifa hiyo hushuka. Anwani zilizokosewa au kubuniwa huumiza pia, kwani barua zake hurudi. Hili hutokea kirahisi pale fomu ya oda inapomlazimisha mteja asiye na barua pepe kujaza chochote ili aendelee. Kwa wateja wa namna hiyo, baadhi ya maduka huacha sehemu ya barua pepe iwe ya hiari na kutuma namba ya oda kwa SMS.