Brasi Hufuata Joto

Fremu ya baiskeli ikiachia pale bomba linapoingia kwenye soketi, mafundi wengi hukimbilia mashine ya umeme. Lakini bomba hilo huwa jembamba, na moto wa umeme hulitoboa upesi. Brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, huyeyuka karibu na nyuzi 900 za Selsiasi, ilhali chuma hakiyeyuki mpaka kipite 1,400. Kwa hiyo bomba na soketi hubaki vigumu, na brasi ndiyo inayopenya katikati na kuvishika.

Nafasi kati ya vipande hivyo iwe kama unene wa karatasi ya daftari, yaani milimita 0.1 hivi. Hapo brasi iliyoyeyuka hujivuta yenyewe hadi ndani, hata kama inabidi ipande juu. Bomba likicheza ndani ya soketi, mvuto huo hupotea. Likibana mno, brasi haipati njia.

Futa grisi kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unaisambaza grisi juu ya chuma. Sugua nje ya bomba na ndani ya soketi mpaka ving'ae, na usiviguse tena kwa vidole. Paka flaksi pande zote mbili kabla ya kuviunganisha, kwa sababu chuma kikipata moto hushika kutu papo hapo, na brasi haishiki juu ya kutu.

Usiyeyushe fimbo ya brasi kwa moto wa gesi. Pasha chuma, nacho kiiyeyushe. Zungusha moto, uanze na bomba, kisha uukalishe zaidi kwenye soketi kwa kuwa ni nene. Flaksi itatoa mapovu, itakauka na kuwa nyeupe, halafu itayeyuka na kung'aa kama kioo. Endelea mpaka chuma kiwe chekundu cha kuwaka, ndipo uguse ukingo wa soketi kwa fimbo. Ikiyeyuka na kutandaa, sogeza moto upande wa pili wa soketi. Brasi itaufuata, maana hukimbilia penye joto zaidi.

Ikijikunja kuwa matone, chuma bado ni baridi au ni kichafu. Moshi mweupe ni dalili kwamba zinki inaungua: ondoa moto, na usiuvute moshi huo, kwani huleta homa. Fanyia kazi hii mahali penye hewa. Flaksi ikiwa nyeusi, imekwisha nguvu. Poza, safisha, uanze upya.

Acha kiungo kipoe chenyewe, kisha ondoa flaksi kwa maji ya moto na brashi ya waya, la sivyo italeta kutu. Sasa tazama ukingo wa pili wa soketi, ule ambao fimbo haikuugusa. Ukiona mstari wa dhahabu usiokatika, brasi imepita. Ukikatika, rudia kupasha kabla ya kupaka rangi, maana rangi itaficha kasoro hiyo.