Dakika Kumi na Tano za Meneja Masoko

Mwongozo wa mitandao ya kijamii kazini kwa kawaida huwa waraka wa kurasa kadhaa, ulioandaliwa na idara ya masoko pamoja na rasilimali watu na mwanasheria. Hutumwa kwa barua pepe, na wafanyakazi wengi hawaufungui. Ndiyo maana meneja masoko huombwa asimame kwenye kikao cha asubuhi auzungumzie kwa dakika kumi au kumi na tano. Akiamua kuusoma ukurasa kwa ukurasa, watu watasinzia na muda utaisha kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Anachotakiwa kufanya ni kuchagua mambo matatu au manne ambayo kila aliyeketi pale, mhasibu na dereva wa gari la mizigo kwa pamoja, anaweza kukumbana nayo simu ikiwa mkononi.

Tanzania mazungumzo haya yana uzito wa kisheria ambao hata baadhi ya mameneja hawaujui. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kutolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinaeleza yanayoangaliwa mtu anapoachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu. Huulizwa kama kulikuwa na kanuni aliyoivunja, kama kanuni hiyo ni ya haki na iko wazi, kama imekuwa ikitumika kwa wote bila upendeleo, na kama mfanyakazi aliijua au alipaswa kuijua. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri aliyetuma barua pepe moja tu na kunyamaza ana kazi ngumu ya kuthibitisha hilo la mwisho. Karatasi ya mahudhurio inayozungushwa mwishoni mwa kikao, ambayo wengi huisaini kama ada tu, ndiyo ushahidi wenyewe. Inambana mfanyakazi, lakini inambana na meneja pia, kwa sababu jambo ambalo hakulieleza waziwazi siku ile hawezi kulidai baadaye kwa urahisi.

Jambo la kwanza la kueleza ni nani anayesema kwa niaba ya kampuni. Katika kampuni nyingi ni watu wawili au watatu tu wanaoruhusiwa kuandika kwenye kurasa rasmi na kumjibu mwandishi wa habari au mteja anayelalamika hadharani. Wengine wote, wakiona lalamiko limewekwa Facebook au Instagram, hulipeleka kwa wahusika wala hawaingii kujibizana, hata kama mteja anasema uongo. Hapa meneja hukutana na dhana iliyozoeleka kwamba mtu akishaandika kwenye ukurasa wake kuwa maoni ni yake binafsi, basi yuko salama. Maneno hayo husaidia kidogo tu. Anayejulikana mtaani kuwa ni mtu wa kampuni fulani atasomwa hivyohivyo, na siri ya kampuni haiachi kuwa siri kwa kuwa imetoka kwenye akaunti ya mtu binafsi. Kwa upande mwingine, mfanyakazi anayesifia bidhaa za mwajiri wake anatakiwa aseme kwamba anafanya kazi hapo. Akijifanya mteja wa kawaida aliyefurahishwa na huduma anawapotosha wanunuzi, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara.

Sehemu inayohitaji muda mrefu zaidi ni picha, kwa sababu madhara mengi hutoka kwa watu waliokuwa na nia njema. Chukua mfano wa kampuni inayouza majokofu na mashine za kufulia, makao yake Dar es Salaam na tawi lake Mwanza. Muuzaji wa Mwanza amefunga oda kubwa ya hoteli. Mzigo unapakiwa, naye kwa furaha anapiga picha na kuiweka stetasi ya WhatsApp akijipongeza. Juu ya katoni la mbele kuna ankara. Ukiikuza picha unaona jina la mnunuzi, namba yake ya simu, mahali mzigo unakopelekwa na bei baada ya punguzo.

Picha hiyo moja ina matatizo matatu. Jina na namba ya simu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mteja alizitoa ili aletewe mzigo, hakuzitoa ili waonyeshwe marafiki wa muuzaji. Bei ya punguzo nayo imefika kwa wateja wengine waliohifadhiwa kwenye simu hiyohiyo, na kesho watakuja kuuliza kwa nini wao walilipa zaidi. La tatu ni usalama: mtu asiyehusika sasa anajua mzigo gani unakwenda wapi na lini. Kujitetea kwamba stetasi hufutika yenyewe baada ya saa 24 hakusaidii, kwa maana kupiga picha ya skrini ni kazi ya sekunde moja.

Meneja anayeijua kazi yake haishii kusema msipige picha, kwani katazo la jumla namna hiyo halifuatwi na wauzaji wanahitaji kuonyesha bidhaa. Huwapa jambo la kufanya. Anaweza kusema: "Jamani, kabla hujaposti, ikuze picha uitazame pembe zote. Kama kuna karatasi, skrini ya kompyuta, namba ya gari au uso wa mtu ambaye hujamuomba ruhusa, piga nyingine." Sentensi mbili kama hizo hukumbukwa kuliko kurasa nne za waraka, hasa akiwaonyesha picha ya mfano kwenye ukuta na kuwaacha wenyewe waitafute ankara.

Kisha inabaki hatua ambayo miongozo mingi huipitia juujuu: picha ikishatoka, nini kifanyike? Kwa muuzaji wetu wa Mwanza, kabla ya kufuta afungue kwanza orodha ya walioiona stetasi na kuipiga picha ya skrini, maana akishafuta orodha inapotea nayo. Orodha yenyewe haikamiliki, kwa kuwa waliozima taarifa za kusoma hawaonekani, lakini ni bora kuliko kubahatisha. Baada ya hapo anafuta, anampigia simu msimamizi palepale, na kampuni inamjulisha mteja kilichotokea kabla hajakisikia kwa mwingine. Asichotakiwa kufanya ni kuwaandikia walioiona kuwaomba wasiisambaze, kwa sababu hata wale ambao hawakuigundua ankara wataanza kuitafuta.

Kosa jingine linalostahili kuelezwa kwa mfano ni la akaunti mbili kwenye simu moja. Anayesimamia ukurasa wa kampuni mara nyingi anao na wake kwenye programu ileile, na kuchanganya ni kubonyeza mahali pasipo. Mwaka 2011 kosa hili lilitokea mara mbili Marekani katika muda usiozidi mwezi mmoja. Mwezi Februari mfanyakazi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, akidhani yuko kwenye akaunti yake, aliandika Twitter kuhusu kunywa bia na kulewa, na maneno yakatoka kwa jina la shirika. Shirika liliyafuta, likakiri kosa kwa utani kwamba lenyewe halijalewa na kwamba funguo zimechukuliwa, na baadhi ya wapenzi wa bia iliyotajwa wakaanza kuchangia fedha. Mwezi Machi mtu wa wakala aliyesimamia akaunti ya kampuni ya magari ya Chrysler aliandika kwa tusi kwamba watu wa Detroit, mji unaosifika kwa magari, hawajui kuendesha. Chrysler kwanza ilieleza kwamba akaunti yake imeingiliwa. Ukweli ulipojulikana, aliyeandika alifukuzwa na wakala wake akapoteza mkataba.

Makosa hayo mawili hayakuwa na uzito sawa, kwa kuwa kuutukana mji unaokulisha ni jambo zito kuliko kutaja bia. Lakini tofauti ya namna yalivyoshughulikiwa inamhusu kila meneja. Mfanyakazi anayeamini kwamba kukosea ni kufukuzwa atalificha kosa lake kwa matumaini kwamba hakuna aliyeona, na muda huo anaouficha ndio unaowapa watu nafasi ya kulinakili. Kwa hiyo ni vizuri mazungumzo yaseme bayana kwamba kosa la bahati mbaya lililoripotiwa mara moja halihesabiwi sawa na lililofichwa, na kwamba namba ya kupiga ni hii, hata kama ni usiku wa manane. Meneja akiahidi hivyo, awe ameshakubaliana na mkurugenzi na rasilimali watu. Ahadi itakayovunjwa siku ya kosa la kwanza itawafundisha wengine wote kuficha.

Kuhusu nenosiri, somo linatoka Uingereza. Januari 2013 kampuni ya maduka ya muziki ya HMV ilipokuwa ikipunguza wafanyakazi, mmoja wa walioachishwa alikuwa bado anaweza kuingia kwenye akaunti rasmi ya Twitter, akaanza kuutangazia umma kinachoendelea ndani ya kikao. Alieleza pia kwamba mkurugenzi wa masoko ameuliza jinsi ya kuifunga Twitter. Orodha ya wenye nenosiri inapaswa kujulikana na zaidi ya mtu mmoja wa juu, akaunti iwe imesajiliwa kwa barua pepe ya kampuni badala ya ya mfanyakazi, na nenosiri libadilishwe siku ileile mwenye nalo anapoondoka. Haya ni ya idara ya masoko yenyewe zaidi kuliko ya ukumbi mzima, hivyo dakika moja inatosha.

Meneja anatakiwa pia aseme mwongozo unaishia wapi. Kifungu kinachomkataza mfanyakazi kuandika jambo lolote baya kuhusu kampuni ni kipana mno. Hakimwambii mtu mpaka uko wapi, na kwa hiyo ni vigumu kukitetea kuwa kiko wazi. Tena kinagusa uhuru wa maoni uliomo katika Ibara ya 18 ya Katiba, na haki ya wafanyakazi kujiunga na chama chao na kushiriki shughuli zake. Wafanyakazi wanaozungumzia mishahara yao na hali ya kazi hawafanani na anayetoa bei za siri au namba za wateja, na ni busara meneja aitaje tofauti hiyo mwenyewe kabla hajaulizwa.

Maswali huja baada ya hapo, na ndiyo hufichua pale mwongozo ulipopwaya. Dereva atauliza kama kundi la WhatsApp la familia ni hadharani. Mhudumu wa mapokezi atauliza afanye nini mteja akimrekodi video akiwa kazini. Kampuni ya IBM mwaka 2005 ilikwenda mbali zaidi, ikawaachia wafanyakazi wenyewe waandike kwa pamoja miongozo yao ya kublogu. Si kila ofisi inaweza kufanya hivyo, lakini maswali ya ukumbini yakiandikwa yote, pamoja na yale ambayo meneja hakuwa na jibu lake, yanaweza kuingizwa kwenye waraka kabla haujapewa tarehe ya kuanza kutumika. Waliokuwa zamu au likizo siku hiyo hupangiwa kikao chao, na majina yao huongezwa kwenye karatasi ileile ya mahudhurio.