Mtoto Hali Chakula? Hesabu Kwanza Anachokunywa

Katika mkutano wa afya wa mtaa, mama mmoja alisimama na swali ambalo wahudumu wa afya hulisikia mara kwa mara. "Dada, mtoto wangu ana miaka mitano. Ugali anaonja tu, maharage anayasukuma pembeni. Nimpe dawa gani ya kumfungulia hamu ya kula?"

Mhudumu hakumjibu kwa dawa. Alimwomba ataje kila kitu mtoto alichokunywa jana yake, tangu alipoamka hadi alipolala. Mama alitaja chai ya rangi ya asubuhi, glasi ya juisi ya pasheni ya mchana, na nusu chupa ya soda aliyogawana na kaka yake jioni. Mkutano mzima ukaanza kuhesabu pamoja naye.

Kalori zinajificha vipi?

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unaipata kutoka kwenye chakula na kinywaji. Gramu 1 ya sukari inatoa kalori 4. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu kina takriban gramu 4 za sukari, yaani kalori 16.

Sukari ikishayeyuka huioni tena. Zaidi ya hapo, kinywaji kitamu hakishibishi kama chakula chenye kalori zilezile, kwa sababu hakitafunwi na kinapita tumboni haraka. Lakini mtoto mwenye tumbo dogo, akinywa kidogo kidogo kutwa nzima, anafika mezani hana njaa ya kutosha. Ameshapata nguvu kutoka kwenye sukari, ila hajapata protini, madini ya chuma wala vitamini ambazo maharage, dagaa na mboga zingempa.

Chai: pima kijiko chako

Mhudumu alichota sukari kwa kijiko cha chai kama tunavyochota nyumbani, ikiwa imejaa kama kilima. Kisha akaimimina kwenye sahani na kuipima upya kwa kijiko kilekile, safari hii akikisawazisha kwa mgongo wa kisu. Vikatoka vijiko viwili. Ukisema "naweka viwili tu", huenda unaweka vinne. Jaribu nyumbani kwa kijiko chako mwenyewe.

Mtoto yule huwekewa vijiko viwili vya kilima. Hesabu ya chai: vijiko 4 vilivyosawazishwa, kalori 64.

Juisi ya nyumbani: gawa jagi zima

Kwa juisi unayotengeneza mwenyewe, hesabu sukari yote iliyoingia kwenye jagi, halafu igawe kwa idadi ya glasi. Mama yule hutengeneza lita 2 na kutia kikombe kimoja cha sukari cha mililita 250. Kikombe hicho kinabeba takriban gramu 200 za sukari. Jagi la lita 2 linatoa glasi 8 za mililita 250, kwa hiyo kila glasi ina gramu 25. Hivyo ni vijiko 6, kalori 100, na sukari ya tunda lenyewe hatujaihesabu.

Juisi isiyotiwa sukari nayo si maji. Tunda likikamuliwa, sukari yake inatoka kwenye nyuzinyuzi na kuingia kwenye glasi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari hiyo pamoja na ile tunayoongeza. Chungwa zima analokula mtoto haliingii kwenye hesabu hii.

Soda: soma lebo hadi mwisho

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Geuza chupa, tafuta jedwali dogo la virutubisho, kisha fuata hatua hizi:

1. Tafuta mstari wa sukari. Namba yake inafuatwa na herufi g, yaani gramu.
2. Angalia namba hiyo ni ya kiasi gani. Mara nyingi ni ya 100 ml tu, si ya chupa nzima.
3. Angalia ukubwa wa chupa. Chupa ya 350 ml ina "100 ml" tatu na nusu, kwa hiyo zidisha namba ya sukari kwa 3.5.
4. Gawa jibu kwa 4 upate vijiko, au lizidishe kwa 4 upate kalori.

Chukua soda ya 350 ml ambayo lebo yake inasema gramu 10 kwa kila 100 ml, kiasi kinachokaribiana na cha soda nyingi za kawaida. Chupa nzima ina gramu 35. Hivyo ni karibu vijiko 9, kalori 140. Mtoto yule alikunywa nusu: vijiko 4 na zaidi kidogo, kalori 70.

Nguvu kwenye lebo huandikwa mara mbili, kwa kJ na kwa kcal. Kalori tunazozizungumzia hapa ni zile za kcal. Namba ya kJ ni kubwa zaidi ya mara nne, isikutishe.

Kwenye maziwa na mtindi wa ladha, usihesabu sukari yote kuwa ya kuongezwa. Maziwa yenyewe yana takriban gramu 5 za sukari ya asili kwa kila 100 ml. Toa hizo kwanza.

Jumla ya siku moja

Chai vijiko 4, juisi 6, soda 4. Jumla ni vijiko 14, zaidi ya kalori 220.

Mtoto wa miaka mitano anahitaji takriban kalori 1,300 hadi 1,400 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya aina hii isifikie sehemu moja ya kumi ya mahitaji hayo, ambayo kwake ni kama vijiko 8. Ikipungua hadi nusu yake, yaani vijiko 4, ni bora zaidi, hasa kwa meno. Mtoto yule alikuwa amepata karibu mara mbili ya kiwango cha juu, na kabla ya kuhesabu chochote alichokula.

Mama aondoke na nini?

Mhudumu hakumwambia akataze vyote kwa siku moja. Alimshauri apunguze kijiko kimoja cha chai kila wiki, kwa kuwa ulimi huzoea. Kikombe cha sukari kwenye jagi kiwe nusu, na juisi itolewe baada ya chakula, si kabla. Kati ya mlo na mlo, mtoto mwenye kiu apewe maji safi na salama. Soda isiwe ya kila siku.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Kuanzia hapo hadi afikishe miaka 2, asipewe vinywaji vilivyotiwa sukari.

Kuna sukari moja usiyopaswa kuiondoa. Mtoto anayeharisha akipewa ORS, mpe kama ulivyoelekezwa. Sukari iliyomo husaidia utumbo kufyonza maji na chumvi. Soda na juisi haviwezi kuchukua nafasi yake, kwani sukari yake nyingi inaweza kuzidisha kuhara.

Na kama umeshapunguza vinywaji vitamu kwa wiki mbili na mtoto bado hali, au wakati wowote ukiona anapungua uzito, amelegea au miguu imevimba, usiendelee kuhesabu vijiko. Mpeleke kituo cha afya apimwe, na uchukue kadi yake ya kliniki.