Abiria Akipanda, Taa Inatazama Juu

Simama saa mbili usiku kando ya barabara kuu nje kidogo ya mji, iwe Chalinze au Kibwezi, uzitazame bodaboda zinazokuja. Nyingi zitakuchoma macho. Wenye magari husema vijana hawa wana ukorofi, wanaweka fulu makusudi. Wapo wanaofanya hivyo, lakini wengi wako kwenye dimu. Kilichotokea ni kwamba wamepakia abiria, na mkia wa pikipiki umezama.

Mwanga wa dimu una mpaka wake wa juu. Mpaka huo unatakiwa uteremke kidogo kadiri unavyokwenda mbele, tuseme sentimeta 10 kwa kila mita 10. Taa iliyofungwa sentimeta 90 kutoka chini, ikiteremka hivyo, mpaka wake hugusa lami mita 90 mbele. Hapo dereva anaona barabara, na anayekuja haumizwi macho.

Sasa mpandishe abiria mmoja mnene kiasi, shokapu za nyuma zizame sentimeta 3. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni kama mita 1.25 tu, kwa hiyo kuzama huko kunainua pua ya pikipiki sentimeta 24 kwa kila mita 10. Ukitoa zile 10 za kuteremka, mpaka wa mwanga sasa unapanda sentimeta 14 kwa kila mita 10. Mita 50 mbele umefika kimo cha mita 1.6, yaani machoni pa mtu mzima. Akiongezwa wa pili, ule mshikaki wetu, taa inamulika matawi. Na kwa kuwa sehemu kali zaidi ya mwanga iko karibu na huo mpaka wa juu, dereva amempofusha mwenzake huku lami yake mwenyewe imebaki na mwanga hafifu.

Dawa haina gharama. Tafuta ukuta na uwanja tambarare, jaza upepo sawasawa, kisha mkalishe mtu wa uzito wa abiria wako wa kila siku. Kama shokapu za nyuma zina ngazi za kukazia, zipandishe kwanza, maana hilo ndilo linalorudisha mkia juu. Ikae taa mita 10 kutoka ukutani. Weka alama ukutani penye kimo cha katikati ya taa, kisha alama nyingine sentimeta 10 chini yake. Legeza bolti za taa, uiinamishe hadi mpaka wa dimu ukae kwenye alama ya chini, ukaze. Ujue pia hasara yake: abiria akishuka na mkia ukainuka zile sentimeta 3 zote, mwanga unafupika hadi mita 26 hivi. Anayerudi peke yake kijiweni usiku ana macho mafupi, na mwendo wake lazima ulingane nayo.

Ulingane vipi? Kwenye kilometa 40 kwa saa, dereva aliye makini anatumia kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi breki zishike, na hapo ameshakwenda mita 17. Breki nzuri kwenye lami kavu zinakula nyingine 10. Jumla mita 27, kwa hiyo hata hapo, na taa ya mita 26, amekwisha chelewa. Kwenye 60 jumla ni kama mita 48. Kwenye 80 ni karibu 74. Mwenda kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, chini ya dimu ya kawaida, mara nyingi huonekana akiwa ndani ya mita 50, tena hapo ni kwa taa safi iliyopangwa vizuri. Wa 80 anamwona wakati ambapo breki haziwezi tena kumsaidia yeyote.

Wengi hukimbilia kubadili balbu. Pikipiki nyingi ndogo hutumia balbu ya HS1 yenye wati 35, na dukani utashawishiwa uchukue ya H4 yenye wati 55 na 60, au ya LED nyeupe kama theluji. Ile ya wati nyingi hudai umeme kuliko ambao koili ya pikipiki ndogo inaweza kutoa, na joto lake huyeyusha plastiki ya taa. Ya LED inaweza kuwa nzuri, mradi vijitaa vyake vikae palepale uzi wa balbu ya zamani ulipokuwa. Vikikosea hata milimita chache, kioo cha taa kinatawanya mwanga kila upande. Ukuta uleule utakuambia: ukiona mpaka ulionyooka, sawa, ukiona wingu la mwanga lisilo na ukingo, irudishe dukani. Na kabla ya kununua chochote, mwambie fundi apime umeme unaofika kwenye balbu. Ukishuka kutoka volti 12 hadi 10.8, balbu ya kawaida inapoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Mara nyingi chanzo ni waya wa ethi ulioshika kutu.

Kuhusu mavazi, ile rangi ya njano au ya chungwa inayong'aa ni ya mchana. Usiku kinachofanya kazi ni mistari ya kijivu inayorudisha mwanga kule ulikotoka, na hiyo hufa kwa vumbi, mafuta na kufuliwa mno. Ipige picha gizani kwa simu, flashi ikiwa imewaka. Mstari usipowaka kwenye picha, umekwisha. Sheria ya Kenya inataka abiria naye avae jaketi lenye mistari hiyo, na hapa nadhani walifikiri vizuri, kwa sababu mgongo unaoonekana na lori linalokuja nyuma ni wa abiria, si wa dereva. Bandika pia kipande nyuma ya helmeti. Kwa wanaotembea, utepe kwenye vifundo vya miguu unafaa kuliko kifuani: unapanda na kushuka kwa kila hatua, na dereva anatambua mara moja kwamba yule ni mtu.

Kinachobaki ni macho. Gari linapokuja na taa zake, usizitazame. Fuata ukingo wa kushoto wa lami, ambako ndiko watu wanakotembea. Lakini ziangalie kwa pembe ya jicho, kwani taa ya mbele ikikatika kidogo na kurudi, kuna miguu imepita kati yenu. Ng'ombe, mbuzi na mbwa macho yao huwaka wakimulikwa. Ya binadamu hayawaki hivyo. Ng'ombe aliyekupa mgongo naye hana cha kuwaka. Kwenye barabara ya Morogoro hadi Iringa, inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, yuko na twiga, ambaye dimu inamulika miguu tu huku macho yake yakiwa juu kabisa ya mwanga. Kwa mbali, miguu ile unaidhania miti. Mbuzi mmoja akivuka, punguza mwendo na usimkwepe kwa nyuma yake, maana wenzake wako njiani.

Kama huna muda wa mengine yote, panga taa ukiwa na abiria, na usiku usizidi 40 kwenye dimu.