Michango Iliyofungwa Bila Kuunganishwa

Katika GitHub, pendekezo la kubadili msimbo likifungwa bila kuunganishwa hubaki kwenye kumbukumbu. Kila mwisho wa mwezi, wasimamizi wa mradi wanaweza kuyatafuta hivi:

```
is:pr is:unmerged closed:2025-05-01..2025-05-31
```

Kinachofaa kutazamwa kwanza ni nani aliyeandika mwisho. Tuseme mchangiaji amejibu maoni yote, akasubiri wiki sita, kisha roboti ikalifunga pendekezo lake kwa sababu ya ukimya. Hapo kasoro ni ya wahakiki, na inaumiza. Aliyeombwa kuongeza majaribio akanyamaza, huenda hakuonyeshwa namna ya kuyaandika. Lakini miradi mingine huingiza msimbo moja kwa moja kwa `git`, hivyo pendekezo lililokubaliwa huonekana kama limekataliwa; maoni ya mwisho ndiyo hufichua hilo.